Kukataa kazi ya kiwanda cha alizeti: barua pepe iliyoandikwa kwa Kiingereza ikatumwa kwa Kiswahili

Kisa hiki ni cha binti mmoja wa Nzuguni, mhitimu wa uhasibu, aliyepewa kazi na kiwanda cha kukamua alizeti eneo la Kizota, hapa Dodoma. Ameniruhusu kukisimulia mradi nisimtaje yeye wala kiwanda. Nimefanya kazi ya utumishi muda mrefu na nimesoma barua nyingi za watu wanaokataa ajira. Nimekichagua hiki kwa sababu barua yake ya kwanza haikuwa na kosa la sarufi wala la adabu, lakini aliyeipokea aliielewa kinyume.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Mhasibu Msaidizi, kuanza mwanzoni mwa Mei. Mwezi huo una maana kwenye biashara ya alizeti. Mkulima wa Kongwa, Chamwino au upande wa Singida anapanda mvua za Desemba na Januari, anavuna kuanzia Mei kuelekea Julai, na mzigo ukishaanza kufika kiwandani kila gunia linapita kwenye mizani, linaandikiwa stakabadhi na mwenye mzigo anataka hela yake siku hiyohiyo. Kiwanda kinachoingia msimu bila mtu wa kukaa kwenye hesabu hizo kinajitafutia ugomvi na wakulima pamoja na madalali. Kwa hiyo nafasi ile haikuwa ya kuachwa wazi huku watu wakitafakari.

Usaili ulifanyika kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyeuongoza ni mkurugenzi, mzee wa makamo anayemiliki kiwanda na ndugu zake, akiwa na afisa utumishi na mhasibu mkuu. Baada ya maswali mzee alimtembeza binti mwenyewe, akamwonyesha mashine za kukamulia, ghala la mashudu na chumba cha mizani. Siku chache baadaye barua ya ajira ikaja kwa barua pepe ya afisa utumishi, nakala kwa mkurugenzi, nayo ilikuwa ya Kiingereza. Hilo ni la kawaida: ofisi nyingi binafsi zina barua moja ya mfano iliyorithiwa kutoka kwa mwanasheria au mkaguzi wa hesabu, na kila anapoajiriwa mtu hubadilishwa jina, cheo na mshahara tu. Barua ilimtaka asaini nakala moja na kuirudisha kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Jumatatu ya wiki hiyo jina lake likatoka kwenye tangazo la kuitwa kazini la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Alikuwa amefanya usaili huo miezi ya nyuma na alishaanza kuusahau. Hapa alifanya jambo moja la busara ambalo wengi hulikosea: hakukataa kazi ya kiwanda siku hiyo. Alingoja mpaka akaipata barua ya kupangiwa kituo kupitia akaunti yake ya Ajira Portal, akasoma kituo na muda wa kuripoti, kisha akatoa vyeti vyake halisi na kuvikagua jina kwa jina, kuanzia cheti cha kuzaliwa mpaka cha chuo. Aliyeitwa kazini hupewa barua ya ajira baada ya mwajiri wake mpya kuhakiki vyeti halisi, na jina lisilofanana kati ya cheti kimoja na kingine linaweza kumkwamisha mlangoni. Alipojiridhisha, ikawa Jumatano.

Akaandika kukataa kwa Kiingereza, kwa sababu barua aliyokuwa akiijibu ilikuwa ya Kiingereza na mifano yote aliyowahi kuiona chuoni ilikuwa ya lugha hiyo. Ilikuwa barua nzuri ya aina yake. Ingekwenda kwa kampuni inayoendesha kazi zake kwa Kiingereza, nisingeigusa. Lakini alipotaka kubonyeza kutuma alimkumbuka mzee, ambaye walizungumza kwa Kiswahili na ambaye alimwambia kwamba barua zote za kiwanda anazisoma yeye mwenyewe. Akaona ni heshima zaidi kumjibu kwa lugha waliyozungumza. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Akageuza barua yake sentensi kwa sentensi, akatuma hii:

"Mpendwa Bwana Mkurugenzi,

Natumaini barua pepe hii inakukuta vizuri. Asante sana kwa kunipatia ofa ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi. Nilifurahia sana kukutana na timu yako na kujifunza zaidi kuhusu kampuni.

Baada ya kufikiria kwa makini, kwa bahati mbaya sitaweza kukubali ofa yako kwa wakati huu, kwani nimeamua kufuata fursa nyingine inayoendana zaidi na malengo yangu ya kazi.

Haukuwa uamuzi rahisi. Natumaini njia zetu zitakutana tena siku zijazo.

Wako mwaminifu."

Alhamisi asubuhi afisa utumishi akampigia simu. Alianza kwa pole. Akasema mzee anauliza tatizo ni nini, kama kuna mgonjwa nyumbani waambiwe. Kisha akasema kama ni mshahara, mzee yuko tayari kukaa mezani, na kama ni tarehe ya kuanza, wanaweza kumsubiri hadi katikati ya Mei. Binti akabaki ameshika simu. Alikuwa na hakika amekataa, na upande wa pili ulikuwa na hakika kwamba bado wanaongea. Ndipo akaniletea barua yake.

Mzee na afisa wake hawakuwa wakaidi. Walisoma kilichoandikwa. Kila pole na kila ahadi waliyotoa kwenye simu ina sentensi yake kwenye barua.

Pole ilitoka kwenye "kwa bahati mbaya". Katika barua za Kiingereza neno linalokaa mahali hapo limechakaa kwa kutumiwa. Msomaji analipita kama anavyoipita salamu, akijua tu kwamba jibu baya linafuata. Kwetu, mtu akisema kwa bahati mbaya hakuweza jambo, kuna lililompata. Gari limeharibika, mtoto ameugua, msiba umeingia. Mzee alifanya kile ambacho mzee yeyote wa hapa angefanya: aliuliza kulikoni.

Ahadi ya kusubiri ilitoka kwenye "kwa wakati huu", na hili ndilo lililofanya madhara makubwa kuliko yote. Anayeandika kwa Kiingereza huliweka ili kukataa kwake kusisikike kukali, na anayesoma huelewa kwamba mlango umefungwa taratibu. Kwa Kiswahili muda ukitajwa unachukuliwa ulivyo. Asiyeweza kwa wakati huu anaweza wakati mwingine, basi aulizwe ni lini. Isitoshe, hata sisi wenyewe tunapokataa kwa adabu tunaahirisha: tutaangalia, nitakujulisha, tuache kwanza. Tunafanya hivyo kwenye mwaliko wa harusi au mtu anapotaka kukopeshwa, na anayetufahamu anasoma uso na sauti akajua jibu. Barua pepe haina uso. Afisa utumishi akiwa na msimu mlangoni atakamata kile kilichoandikwa, nacho kilisema subiri.

Mazungumzo ya mshahara yalitoka kwenye "fursa nyingine inayoendana zaidi na malengo yangu". Sentensi hii imejengwa kwa ajili ya msomaji aliyezoea kutouliza. Kwa mzee ilikuwa fumbo lenye jibu moja la wazi: kuna mtu kamwahidi zaidi. Neno "kufuata" likaongeza uzito, kwa sababu lilimpa picha ya mtu aliye mbioni na ambaye bado anaweza kuitwa akarudi. Na mfanyabiashara akijua shida ni bei, anajua la kufanya.

Sitajaza ukurasa kwa kukosoa mengineyo. "Mpendwa Bwana", "inakukuta vizuri", "njia zetu zitakutana" zinasikika za kuazima, na msomaji wa Kiswahili anahisi hivyo mara moja, lakini hazikumpotosha mtu. Zingebaki, barua ingekuwa na sura ya tafsiri na kazi yake ingefanyika vilevile. Maneno matatu ya katikati ndiyo yaliyobeba uamuzi, na ndiyo yaliyouharibu.

Tulipoanza kuandika upya, nilimwomba asiifungue tena barua ya Kiingereza. Nilimwuliza maswali machache na kuandika majibu yake kama alivyoyasema. Unataka wajue nini? Kwamba siji. Kwa nini huendi? Nimepangiwa serikalini. Wakikuongezea hela utarudi? Hapana, mama yangu amesubiri hili muda mrefu, na mimi pia. Unataka wafanye nini? Wampe mtu mwingine. Kuna chochote chao ulicho nacho? Ile nakala ya mkataba, sijaisaini. Mzee unamwonaje? Alinipokea vizuri sana, nilijisikia vibaya kumwacha. Majibu hayo ndiyo barua. Kilichobaki kilikuwa kuyapa mpangilio na heshima ya maandishi.

Sababu ndiyo iliyotuchukua muda. Alitaka kuificha, akihofia kwamba kutaja serikali kutasikika kama majivuno. Mimi niliona aitaje, kwa fungu la maneno moja, bila kutaja halmashauri wala mshahara. Mwajiri binafsi wa Dodoma anaujua mvuto wa ajira ya kudumu na pensheni serikalini, na akishaambiwa hivyo haoni aibu kushindwa wala haanzi kupandisha dau. Kipimo ninachotumia kwa sababu yoyote ya kukataa kazi ni hiki: je, mwajiri anaweza kuiondoa? Ukisema ni mbali, atakutafutia usafiri. Ukisema mshahara, ataongeza. Ukisema familia, atakupa mwezi mmoja uweke mambo sawa. Sababu inayoweza kuondolewa iandikwe tu na mtu ambaye kweli atakuja ikiondolewa. Na ambaye sababu yake halisi ni kwamba hakuipenda ofisi au hakumwamini bosi, aandike kwamba ameamua kuchukua nafasi mahali pengine na aishie hapo, mradi iwe kweli. Kama hana mahali pengine, aseme tu kwamba ametafakari na hataipokea. Uongo mdogo kwenye barua ya namna hii una njia ya kurudi katika mji ambao wahasibu wanafahamiana.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kuonyesha kwamba uamuzi umekwisha kufanyika. Yeye alipendekeza "uamuzi huu hautabadilika". Ni sentensi ya kweli, lakini kijana akimwandikia mzee hivyo anakuwa kama anayefunga mlango kwa kishindo. Tukaitoa, tukaweka ombi: nafasi hiyo apewe mwombaji mwingine kabla msimu haujaanza. Ombi hilo linasema kila kitu. Mtu anayeomba kiti chake apewe mwenzake harudi kukaa, na hapo hapo anaonyesha kwamba anajali shida ya kiwanda. Hakuna msomaji wa Kiswahili atakayelisoma kama njia ya kutaka kubembelezwa.

Hii ndiyo iliyotumwa Alhamisi mchana, ikijibu mazungumzo yaleyale ya barua pepe na nakala kwa wote waliokuwemo, ili yote yakae mahali pamoja:

"Yah: Kutopokea nafasi ya Mhasibu Msaidizi

Ndugu Mkurugenzi,

Habari za kazi.

Nilipokea barua yako inayonipa nafasi ya Mhasibu Msaidizi kuanzia mwanzoni mwa mwezi Mei. Nakushukuru kwa kuniamini, na kwa namna wewe na wenzako mlivyonipokea siku ya usaili, mkanitembeza kiwandani na kunieleza kazi bila haraka.

Naomba kukujulisha kwamba sitaipokea nafasi hiyo. Nimepangiwa kituo cha kazi katika utumishi wa umma na nimeamua kwenda kuripoti. Uamuzi huu hautokani na mshahara wala masharti mliyonipa. Naomba nafasi hiyo apewe mwombaji mwingine mapema, kabla msimu wa ununuzi haujaanza.

Barua yangu ya jana haikuliweka jambo hili wazi, na nawaomba radhi kwa usumbufu. Nakala ya mkataba mliyonitumia sijaisaini.

Nawatakia msimu mwema wa alizeti.

Wako mwaminifu,"

Kisha jina kamili na namba ya simu.

Kichwa chenye "Yah:" kiliingia kwenye sehemu ya mada ya barua pepe, kwa hiyo tuliacha ile sentensi ya barua za ofisi inayomtaka msomaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Kwenye karatasi ina nafasi yake. Kwenye simu ya mzee inakula mstari wa kwanza, ambao ndio anaouona kabla hajafungua. "Kutopokea" tuliichagua badala ya "kukataa" kwa sababu ya anayesoma. Mtu hukataa kitu, lakini pia humkataa mtu, na mzee aliyekutembeza kiwandani kwake asione kwamba amekataliwa yeye. Ndani ya barua, "sitaipokea" imesimama peke yake bila "kwa sasa" wala "labda", ikitanguliwa na "naomba kukujulisha" ambayo inaweka heshima bila kupunguza maana. "Sitaweza" tuliikwepa pia, kwa kuwa asiyeweza anaweza kusaidiwa aweze.

Shukrani ilikuja kabla ya uamuzi, na ilitaja kitu kilichotokea. Barua ya kwanza ilishukuru kwa kukutana na "timu", neno ambalo lingeweza kwenda kwa kiwanda chochote. Kutembezwa kiwandani kulitokea kweli, na mzee angejua kwamba wema wake ulionekana. Aya moja ya shukrani inatosha. Nimeona barua ambazo shukrani inajaza nusu ukurasa kabla ya jibu, na msomaji anafika katikati akidhani amekubaliwa. Anapokutana na "lakini", anajiona amechezewa.

Kuhusu simu: kwa mtu aliyekuhoji ana kwa ana na anayekuzidi umri, kumwandikia tu bila kumpigia kunasikika baridi hapa kwetu. Binti alimpigia mzee dakika chache kabla ya kutuma, akamwamkia shikamoo, akamweleza kwa sentensi mbili na kumwambia barua inakuja. Shikamoo ilikaa kwenye simu, ambako ndiko mahali pake. Kwenye barua inayoingia jaladani "Habari za kazi" inatosha. Simu ya namna hii ina hatari yake. Mzee mwenye maneno anaweza kukubembeleza mpaka ukasema "basi nitafikiria", na neno hilo likawa limefuta barua. Ndiyo maana barua iwe imeshaandikwa na iko tayari kutumwa kabla ya kupiga, na simu iwe ya kutoa taarifa tu.

Ile sentensi kuhusu nakala ya mkataba isiyosainiwa si ya kupamba. Ofa ambayo hujaikubali haijawa mkataba, na kuikataa hakukugharimu kitu. Ungekuwa umesaini na nakala imewafikia, hali ni nyingine: kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kukubali kunaweza kufutwa kabla tu hakujamfikia aliyetoa ofa. Na aliyekwisha kuanza kazi anaingia kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inadai notisi ya maandishi, isiyopungua siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Mtu wa namna hiyo asiige barua hii. Anapaswa kuandika barua ya kuacha kazi, yenye sababu na tarehe ya notisi.

Ijumaa asubuhi afisa utumishi alijibu kwa mistari miwili: wamepokea, wanamtakia heri. Jumatatu walimwita aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili, naye akasaini. Wiki hiyohiyo afisa akamrudia binti na ombi: benki inayokikopesha kiwanda hutaka majalada ya ajira yawe ya Kiingereza, je, anaweza kuwapa barua yake kwa lugha hiyo? Angeweza kuwatumia ile rasimu yake ya mwanzo, nayo ingekuwa kosa, kwa sababu ilisema mambo tofauti na barua iliyotumwa: haikutaja utumishi wa umma, na iliacha muda wazi. Barua mbili zinazopishana kwenye jalada moja zinamfanya mkaguzi aulize ipi ni ya kweli.

Akaigeuza ile ya Kiswahili. Safari hii alijua cha kushika na cha kuachia. Aliyashika mambo matano bila kuyagusa: cheo, kwamba haipokei, sababu, kwamba mshahara hauhusiki, na kwamba mkataba haukusainiwa. Uamuzi ukapanda hadi sentensi ya pili, maana msomaji wa Kiingereza wa ofisini anautafuta mapema. "Habari za kazi" ikaondoka. Salamu za msimu zikawa salamu za heri za kawaida, kwani mtu wa benki asingejua zinahusu nini. Kuomba radhi kulipunguzwa kukawa maneno machache, kwa sababu kwa Kiingereza radhi ndefu kwenye barua ya ajira huweza kusomwa kama kukiri kwamba ulivunja jambo. Na juu kabisa akaandika kwamba hii ni tafsiri ya barua pepe yake ya Alhamisi, akataja tarehe yake, na kwamba zikipishana barua ya Kiswahili ndiyo ifuatwe. Akaituma kwenye mazungumzo yaleyale, chini ya ile ya Alhamisi.